Muhtasari wa mahubiri umepinda? Anza na dalili

Mshirika aliyekuwa zamu hospitalini, mama aliyejifungua juzi, kijana aliyehamia mkoa mwingine kwa kazi: Jumapili jioni wote wanauliza jambo moja. Leo kumehubiriwa nini, na masomo yalikuwa yapi? Anayejibu mara nyingi ni katibu wa usharika au mzee wa kanisa ambaye simu yake ilikuwa inarekodi. Anasikiliza, anaandika, anatuma kwenye kundi la washarika, kisha majibu yanayorudi yanaonyesha kwamba kilichofika sicho kilichohubiriwa.

Matatizo ya kazi hii hujirudia, na karibu kila moja lina dalili yake. Nitaanza na lile ninaloliona zito kuliko yote, ingawa wengi hulipita wakakimbilia ubora wa sauti. Katika sehemu kubwa ya maelezo nitatumia mfano mmoja wa kufundishia: ibada ya Kilutheri ya saa mbili na dakika ishirini, mahubiri ya dakika 38, neno kuu likiwa Luka 18:9-14, Farisayo na mtoza ushuru waliopanda hekaluni kusali. Masomo mengine yaliyosomwa madhabahuni ni Mika 6:6-8 na 1 Wakorintho 15:1-10.

Dalili ya kwanza: muhtasari ungeweza kuandikwa bila kusikiliza

Rasimu ya kwanza ya mahubiri hayo ilikuwa hivi:

"Leo tumejifunza kuwa wanyenyekevu. Tusijisifu kama Farisayo bali tuwe kama mtoza ushuru. Mungu huwapenda wanyenyekevu. Mchungaji alitoa mfano mzuri sana wa mgonjwa. Masomo: Luka 18, Mika, Wakorintho, Waefeso, Zaburi 51. Mungu atubariki."

Hakuna sentensi ya uongo humo. Hata hivyo mtu yeyote anayekijua kisa cha Farisayo angeweza kuiandika akiwa kitandani. Hicho ndicho kipimo cha dalili hii: mpe rasimu mtu ambaye hakuwepo, umwambie mhubiri alihubiri Luka 18, kisha umuulize ni kipi hapo asingekibahatisha mwenyewe. Akikosa hata kimoja, mahubiri hayamo.

Kisababishi si uvivu. Tunapolisikiliza andiko tunalolijua tangu Shule ya Jumapili, tunaandika tunachojua badala ya tunachosikia. Zaidi ya hapo, mahubiri mengi yana mahali yanapogeuka, na mgeuko huo huwa sentensi moja au mbili tu zinazopita upesi, mara nyingi bila kupazwa sauti. Mhubiri anajenga hoja kwa dakika ishirini, anasema jambo lake, halafu anaendelea kulifafanua. Ukiikosa sentensi hiyo, unabaki na vipande ambavyo akili yako itaviunganisha kwa maadili ya kawaida: tuwe wema, tusali, tusijivune.

Katika mfano wetu mgeuko uko dakika ya 22. Kabla yake mhubiri ameeleza mambo mawili. Kwanza, mstari wa 9 unataja waliolengwa na mfano huu: watu "waliojikinai ya kuwa wao ni wenye haki, wakiwadharau wengine wote". Pili, Farisayo hasemi uongo. Anafunga kweli mara mbili kwa juma, wakati Torati iliamuru mfungo mmoja kwa mwaka, ule wa Siku ya Upatanisho katika Walawi 16. Anatoa zaka kweli katika mapato yake yote. Ni mtu ambaye usharika wowote ungemchagua kuwa mzee wa kanisa. Ndipo mhubiri anasema: mtoza ushuru hakurudi nyumbani na haki kwa sababu alijinyenyekeza vizuri kuliko mwenzake, alirudi nayo kwa sababu aliomba rehema kwa yule anayeitoa. Unyenyekevu ukigeuzwa kuwa sifa ya kumwonyesha Mungu, anasema, tumemrudia Farisayo kwa mlango wa nyuma.

Sasa irudie rasimu. "Mungu huwapenda wanyenyekevu" ndilo kosa ambalo mahubiri yenyewe yalikuwa yanalionya. Muhtasari umefundisha kinyume cha somo, na umefanya hivyo kwa maneno yasiyoweza kumshtua mtu.

Marekebisho yake ni kusikiliza mara mbili kwa namna mbili tofauti. Mara ya kwanza usiandike sentensi hata moja. Kaa na karatasi, uandike muda tu na neno moja la kukukumbusha: 4 waliolengwa, 9 Farisayo mkweli, 15 mgonjwa, 22 mgeuko, 27 pingamizi, 31 Waefeso, 35 tufanye nini. Mahubiri ya dakika 38 hayahitaji alama zaidi ya nane au tisa. Mara ya pili rudi kwenye alama ile tu iliyobeba mgeuko, uiandike neno kwa neno kama ilivyotamkwa, pamoja na "yaani" na marudio yake yote. Ukishakuwa na sentensi hiyo, andika muhtasari ukiizunguka.

Mgeuko unatambulikaje? Sikiliza mahali mhubiri anapokanusha jambo kisha kuweka lingine mahali pake: "si kwamba…, bali…", "tumezoea kusema…, lakini andiko linasema…". Sikiliza pia sentensi anayoirudia baadaye kwa maneno mengine. Katika mfano wetu, jambo la dakika ya 22 linarudi dakika ya 31 anaponukuu Waefeso 2:8-9, na linarudi tena katika sala ya mwisho. Jambo linalosemwa mara tatu ndilo fundisho. Sala ya kufunga hasa hupuuzwa na waandishi wa muhtasari, nami naiona kuwa msaada mkubwa, maana mhubiri akiomba huwa anaomba kile alichokuwa anakihubiri.

Kuna mahubiri yasiyogeuka popote. Mhubiri ameenda mstari kwa mstari, au amesema mambo matatu yasiyohusiana. Hapo usimbunie mgeuko. Andika alivyokwenda, hata kama muhtasari utaonekana wa vipande vipande.

Dalili ya pili: wanaosoma wanajibu hadithi, si fundisho

Umetuma, na majibu yanasema: "Huyo mgonjwa kanichekesha!" Mwingine anauliza ni hospitali gani.

Hadithi ina watu na mahali, tena inachekesha, kwa hiyo ndiyo inayobaki sikioni. Mwandishi naye huiandika kwa urefu kwa sababu ni rahisi kuandika. Katika mfano wetu mhubiri alieleza juu ya mtu aliyekwenda kwa daktari akaanza kutaja viungo vyake vyote visivyouma: macho mazima, miguu mizima, tumbo halina neno. Daktari akamwandikia cheti cha afya, akarudi nyumbani na ugonjwa wake.

Kwa kila hadithi uliyoiweka alama, andika pembeni maneno "ili kuonyesha kwamba…" ukayamalizie. Hapa: ili kuonyesha kwamba sala ya Farisayo haikuomba kitu. Ukiisoma upya sala yake katika mistari ya 11 na 12 utakuta ni kweli. Ameshukuru, amejilinganisha, ametoa taarifa, hajaomba. Hilo ndilo la kuandika. Hadithi yenyewe inatosha nusu sentensi, au iachwe. Ukishindwa kumalizia "ili kuonyesha kwamba", ama hukusikia vizuri sehemu iliyofuata, ama mhubiri alikuwa anawaamsha watu tu. Rudi usikilize dakika moja inayoifuata hadithi.

Hadithi inayomtaja mtu wa usharika, ugonjwa wake, ndoa yake au deni lake haiingii katika muhtasari kabisa, hata kama ilisemwa mimbarini mbele ya watu mia tatu. Waliokuwa ndani waliisikia mara moja, lakini maandishi husambazwa mpaka kwa watu wasiomjua. Shuhuda na maombi ya wagonjwa vivyo hivyo. Kwa hadithi za mhubiri juu ya familia yake mwenyewe, muulize yeye.

Dalili ya tatu: msomaji amefungua Biblia, mstari haulingani

Hili ndilo linaloudhi zaidi, kwa sababu aliyekosa ibada anakusudia kusoma mwenyewe, na umempeleka pasipo.

Kisababishi cha kwanza ni sikio. Katika rekodi yenye mwangwi, sita na tisa hazitofautiani kirahisi, na nne na nane vilevile. Majina ya vitabu nayo yana mapacha wake: Wakolosai na Wakorintho, Waefeso na Waebrania, Mika na Malaki, Yoeli na Yohana mhubiri anapokwenda mbio. Kuna njia nyepesi ya kukamata mengi ya haya kabla hujaandika: angalia kama sura hiyo ipo. Waefeso ina sura 6, Waebrania 13. Wakolosai ina 4, Wakorintho wa Kwanza 16. Mika ina 7, Malaki 4. Ukisikia "Waefeso kumi na moja", hakuna sura hiyo. Ni Waebrania, na bila shaka habari ni ya imani. Sura ikiwepo, bado soma mstari wenyewe uone kama unasema alichokuwa anakieleza mhubiri. Mstari usiohusiana kabisa na hoja ni dalili kwamba umesikia vibaya, au kwamba yeye ametaja vibaya. Wahubiri nao ni watu. Akitaja kutoka kichwani anaweza kusema sura ya 5 akikusudia ya 6.

Kisababishi cha pili ni jinsi tunavyotamka namba. "Zaburi hamsini na moja" ni sura ya 51, ile ya toba. "Zaburi hamsini, moja" ni sura ya 50 mstari wa kwanza. Kinachozitenganisha ni "na" ambayo maikrofoni mbovu huimeza. "Isaya sitini na nne, sita" ni 64:6, kwenye matendo yetu ya haki yaliyo kama nguo iliyotiwa unajisi. Mtu akiandika 60:46 anakuwa ametunga mstari, kwani sura ya 60 ina mistari 22. Mhubiri akisema "sura ya… mstari wa…" kazi ni rahisi. Asiposema, tegemea maneno aliyoyasoma badala ya namba uliyodhani umeisikia.

Cha tatu ni tofauti za Biblia zenyewe. Zaburi zina hesabu mbili: ile ya Kiebrania inayofuatwa na Biblia nyingi tulizo nazo, na ile ya tafsiri ya kale ya Kigiriki iliyopita katika Kilatini, ambayo kwa sehemu kubwa ya kitabu iko nyuma kwa moja. Ndiyo maana katika vitabu vya ibada vya Kikatoliki "Bwana ndiye mchungaji wangu" huweza kuonekana kama Zaburi ya 22 au kuandikwa 23 (22). Ukiona maneno ni sahihi na namba imepishana kwa moja, hakuna aliyekosea. Weka namba iliyo katika Biblia za wasomaji wako, basi. Vitabu navyo vinatofautiana. Luka 18:9-14 ndiyo Injili ya Dominika ya 30 ya Mwaka C kwa Wakatoliki, na somo la kwanza siku hiyo hutoka Yoshua bin Sira sura ya 35. Mprotestanti atakayesambaziwa muhtasari huo atatafuta kitabu hicho katika Biblia yake ya Union asikione. Neno moja la maelezo linamwondolea usumbufu.

Maneno pia hupishana. Union husema "Bwana ndiye mchungaji wangu, sitapungukiwa na kitu". Habari Njema husema "Mwenyezi-Mungu ni mchungaji wangu, sitapungukiwa kitu". Mhubiri akijenga hoja juu ya neno lililo katika tafsiri moja, taja tafsiri hiyo. Nje ya hapo si lazima.

Kuna kosa jingine ambalo halionekani kama kosa: orodha moja ya "Masomo" iliyochanganya kila kitu. Rasimu yetu iliweka Luka, Mika, Wakorintho, Waefeso na Zaburi 51 katika mstari mmoja, kana kwamba uzito ni sawa. Kumbe Luka ilisomwa na kufafanuliwa. Mika na 1 Wakorintho zilisomwa madhabahuni, na mhubiri aligusa mstari mmoja tu, 1 Wakorintho 15:10. Waefeso haikusomwa ibadani. Aliinukuu kuunga mkono hoja. Zaburi 51 ilikuwa kazi ya nyumbani ya wiki. Aliyekosa ibada akipata orodha ile hajui aanzie wapi. Zitenge, hata kwa maneno matatu tu: yaliyosomwa, yaliyotajwa, ya kusoma wiki hii. Mlango wa 16 wa Walawi uliotajwa kwa kupita unaweza kuachwa kama hoja inasimama bila huo. Katika mfano huu ningeubakiza, maana ndio unaoonyesha Farisayo alizidisha kiasi gani.

Kabla ya kusikiliza, chukua kalenda ya kanisa lako ya mwaka huo uandike masomo yaliyopangwa. Sikio linalojua linachotarajia hukosea mara chache. Lakini thibitisha kwamba ndiyo yaliyosomwa kweli; siku za harambee, Sikukuu ya Mavuno au kipaimara, mhubiri mgeni anaweza kuja na neno lake.

Dalili ya nne: "Mchungaji hakusema hivyo"

Akisema aliyekuwepo, usimjibu haraka. Rudi kwenye alama ya muda usikilize.

Mara nyingi utakuta mhubiri aliyasema maneno hayo kweli, ila hayakuwa yake. Wahubiri wetu hupenda kumwigiza mpinzani. Dakika ya 27 ya mfano wetu inasikika sauti imebadilika: "Basi kama ni rehema tu, tukae na dhambi zetu, kuna shida gani?" Kanisani watu walicheka, kwa sababu walimwona akitikisa mabega. Kwenye rekodi mabega hayaonekani. Mwandishi aliyechoka anaandika: "Mchungaji alisema ikiwa ni rehema hakuna shida kukaa na dhambi." Jibu la mhubiri lilikuja sekunde arobaini baadaye, akinukuu Waefeso 2:10, kwamba tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Dalili za sauti ya kuigiza ni "utasikia mtu anasema", "wengine watauliza", kupanda ghafla kwa sauti, na kicheko cha watu. Ukisikia kicheko, kagua sentensi iliyokitangulia.

Mara nyingine maneno ni yako. Hasa neno "lazima", "kamwe" na "wote" hujipenyeza tunapofupisha. Mhubiri kasema "jaribu wiki hii kuomba bila kumtaja mtu mwingine ili uonekane bora". Muhtasari unasema "tusiwataje kamwe wengine katika maombi". Waombeaji wa usharika watakushangaa, na wana haki. Pitia rasimu ukitafuta maneno hayo matatu, na kwa kila moja uulize kama limo kwenye rekodi.

Tenga pia kinachosemwa na andiko na kile mhubiri anachokitumia kwa maisha ya leo. "Farisayo alifunga mara mbili kwa juma" limo katika Luka. "Sisi tunahesabu miaka tuliyoimba kwaya" ni la mhubiri. Ukiyaweka pamoja bila alama, msomaji atalitafuta la kwaya katika Luka 18, au atadhani la kufunga ni kionjo cha mchungaji.

Dalili ya tano: rekodi yenyewe haisikiki

Kwanza jua aina ya ubovu, kwa sababu mmoja unatengenezeka na mwingine hapana.

Sauti ndogo yenye mngurumo wa jenereta au feni chini yake inatengenezeka kwa kiasi. Kata kwanza sehemu ya mahubiri kutoka ibada nzima, kisha ondoa mngurumo wa chini na kusawazisha sauti. Mwenye kompyuta yenye programu ya sauti iitwayo ffmpeg atatumia amri mbili:

```
ffmpeg -ss 01:12:40 -to 01:50:40 -i ibada.m4a -c copy mahubiri.m4a
ffmpeg -i mahubiri.m4a -af "highpass=f=120,dynaudnorm" -ac 1 safi.m4a
```

Badilisha muda ulingane na rekodi yako. Asiye na kompyuta avae spika za masikioni na kupunguza mwendo wa uchezaji hadi 0.8 kwenye VLC ya simu. Kwa mhubiri mwenye kasi, hilo pekee husaidia kuliko vichujio vyote.

Sauti iliyovunjika, inayokwaruza kila mhubiri anapopaza, hairudi. Hiyo hutokea simu ikiwekwa mbele kabisa ya spika kubwa: maikrofoni imezidiwa na vilele vya sauti vimekatwa. Ukiifungua kwenye programu ya Audacity utaona mawimbi yamelala bapa juu na chini, kama yaliyokatwa kwa mkasi. Kinachopotea hapo hakimo kwenye faili. Tafuta rekodi ya mtu mwingine. Mara nyingi kuna mama wa kwaya aliyerekodi kutoka upande wa pili. Jumapili ijayo weka simu mimbarini karibu na maandishi ya mhubiri, mbali na spika, ikiwa katika hali ya ndege, kwa sababu simu ikiita wakati wa kurekodi baadhi ya simu husimamisha rekodi bila kusema.

Na kama dakika sita zimekosekana katikati? Mwombe mhubiri vichwa vyake vya mahubiri, wengi huwa navyo kwenye karatasi. Asipopatikana, andika wazi: "Sehemu ya dakika sita haikurekodiwa, kuanzia maelezo ya mstari wa 12." Usijazie kwa kukisia angekuwa amesema nini, hata kama unamjua mhubiri huyo miaka kumi.

Dalili ya sita: hausomwi

Ujumbe mrefu kwenye WhatsApp hukatwa na kuachiwa "Soma zaidi", na wengi hawabonyezi. Kwa mahubiri ya nusu saa na zaidi, maneno mia mbili hadi mia tatu yanatosha, na mistari inayoonekana kabla ya kukatwa iwe na neno kuu na fundisho, si salamu na vyeo. Matangazo, mapato ya sadaka na ratiba ya jumuiya viende katika ujumbe wa peke yake. Vikikaa pamoja na mahubiri, watu watajibu matangazo.

Rasimu ya mfano wetu, baada ya marekebisho, ikawa hivi:

"*Neno kuu: Luka 18:9-14.* Mtoza ushuru hakuhesabiwa haki kwa kuwa alijinyenyekeza vizuri kuliko Farisayo, bali kwa kuwa aliomba rehema kwa Mungu aitoaye.

Mchungaji alianzia mstari wa 9: Yesu aliwaambia mfano huu watu waliojiona wenye haki na kudharau wengine. Farisayo hakudanganya. Alifunga mara mbili kwa juma, wakati Torati iliagiza mfungo mmoja kwa mwaka (Walawi 16). Tatizo ni kwamba katika sala yake (mst. 11-12) hakuomba chochote, kama mgonjwa anayemtajia daktari viungo visivyouma tu. Mtoza ushuru alikuwa na ombi moja: 'Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi.'

Mchungaji alionya kwamba hata unyenyekevu unaweza kugeuka sifa ya kujivunia mbele za Mungu. Wokovu ni kwa neema (Waefeso 2:8-9), na Paulo naye asema, 'kwa neema ya Mungu nimekuwa hivi nilivyo' (1 Wakorintho 15:10). Kwa wanaouliza kama basi tubaki na dhambi, alijibu kwa Waefeso 2:10: matendo mema ni tunda la neema, si bei yake.

Wiki hii: jaribu kuomba bila kujilinganisha na mtu.

_Yaliyosomwa:_ Mika 6:6-8, 1 Wakorintho 15:1-10, Luka 18:9-14. _Yaliyotajwa:_ Walawi 16, Waefeso 2:8-10. _Ya kusoma nyumbani:_ Zaburi 51."

Mtumie mhubiri kabla ya kusambaza. Si lazima asahihishe lugha. Muulize swali moja tu, kama sentensi ya juu ndiyo aliyokusudia. Akijibu "ndiyo, lakini", hilo "lakini" ndilo la kuandika.

Kosa likionekana baada ya kutuma, WhatsApp inakuruhusu kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15. Muda ukipita, usitume muhtasari mzima upya, kwa kuwa wa kwanza umeshasambazwa na watu watakuwa na miwili. Jibu ule ule wa awali kwa mstari mmoja unaotaja kilichokosewa na kilicho sahihi: "Si Zaburi 50:1, ni Zaburi 51." Kama kosa liko katika fundisho lenyewe, ufute kwa wote, utume uliosahihishwa, na useme juu yake kwamba ndio unaochukua nafasi ya ule wa saa kumi na moja.